Kijana Aliyezijua Sababu Zote

Karatasi ililetwa na mjomba wake, mfanyabiashara wa mifugo hapa Isiolo ambaye hajawahi kukaa darasa la historia hata siku moja. Alitaka kujua kama mwalimu amemwonea mtoto. Kijana alikuwa kidato cha nne, mwenye kumbukumbu ya kusifika, na katika mtihani wa majaribio swali lilikuwa limekuja vile vile alivyoliombea: eleza sababu za kiuchumi na za kisiasa zilizoyafanya mataifa ya Ulaya yang'ang'anie maeneo ya ng'ambo katika karne ya 19. Akajaza kurasa tatu. Akapewa alama 4 kati ya 15.

"Mwalimu, hapa pameandikwa mambo mengi," mjomba alisema, akiigeuza ile karatasi. "Mbona amepata kama aliyelala?"

Nikamwomba aniachie niisome kwanza.

Kijana alikuwa hajaandika uongo. Hoja ya kwanza: Waingereza walikuja kuchukua ardhi yenye rutuba wawape walowezi. Ya pili: walitaka kujenga reli. Ya tatu: walitaka kutoza kodi ya nyumba. Ya nne: vibarua wa bei rahisi wa mashamba ya kahawa. Kisha zikafuata zile za kila kitabu, kama vile malighafi, masoko, mahali pa kuwekeza mtaji, fahari ya taifa, na mwisho wamisionari, ambao swali halikuwauliza hata kidogo. Hoja kumi na mbili, kila moja sentensi mbili, hakuna tarehe, hakuna mahali, hakuna jina la mtu.

Kosa lililomla zaidi liko kwenye zile nne za kwanza. Walowezi walianza kuja kwa wingi kuanzia miaka ya 1902 na 1903. Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu, ambako wakati huo kuliitwa Port Florence, Desemba 1901. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani uliogawa eneo letu ni wa 1886. Mtu hawezi kuteka nchi mwaka 1886 kwa ajili ya mkulima ambaye hajapanda meli, wala kwa ajili ya reli ambayo bunge halijaipigia kura. Kijana alichukua yaliyotokea baada ya kutawaliwa akayaandika kama yaliyosababisha kutawaliwa. Mtahini hana njia ya kumpa alama, hata akimpenda vipi.

Nilipomweleza mjomba, alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya kufundisha sijawahi kuulizwa na mwanafunzi.

"Hao waliokuja kwanza, walipata faida?"

Hawakupata, na habari yao inatosha kulijibu swali zima la mtihani kuliko orodha yoyote ya kukariri.

Aliyekuja kwanza upande huu hakuwa serikali. Alikuwa William Mackinnon, Mskoti tajiri wa meli, mwenye kampuni ya British India iliyokuwa ikibeba barua na mizigo kati ya Bara Hindi, Ghuba na Zanzibar. Meli zake zilikuwa zikitia nanga Zanzibar tangu miaka ya 1870, kwa hiyo biashara ya pwani aliijua. Mei 1887 Sultani Barghash alimpa ruhusa ya kusimamia na kukusanya ushuru katika ukanda wa pwani uliobaki upande wa Waingereza. Septemba 1888 Malkia akatoa hati ya kifalme, na ikazaliwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ile ambayo vitabu vyetu huiita IBEA.

Hapa ndipo sababu za kiuchumi zinapoonekana kwa sura yake halisi. Mackinnon hakufuata "malighafi" kwa jumla. Alifuata pembe za ndovu, ushuru wa bandari, na tumaini la soko la Uganda, nchi iliyosifiwa kuwa na watu wengi, wanaovaa nguo na wenye serikali yao. Nyuma ya tumaini hilo ilikuwepo hofu. Kuanzia 1873 biashara ya Ulaya ilidorora kwa muda mrefu, viwanda vikawa vinazalisha kuliko watu walivyoweza kununua, na mwaka 1879 Ujerumani ikaweka ushuru mkubwa kuzilinda bidhaa zake. Ufaransa nayo ikafuata njia hiyo. Mfanyabiashara wa Uingereza aliyezoea kuuza kokote alianza kuona milango ikifungwa mmoja mmoja, na akawaza kwamba Afrika nayo ikishikwa na mwingine itafungwa. Ndiyo maana watu walikimbilia hata maeneo ambayo hawakuwa na uhakika yana nini. Walikuwa wakijiwekea nafasi ya kesho. Mwanafunzi akiandika neno "masoko" bila kuitaja hofu hiyo, ameeleza nusu tu, kwa sababu hamu ya masoko ilikuwepo hata mwaka 1850 na hakuna aliyeng'ang'ania bara la Afrika mwaka huo.

Sasa tufanye hesabu ya kampuni, maana hapo ndipo mjomba aliposogeza kiti.

Kutoka Mombasa hadi Uganda hakukuwa na barabara ya gari wala mto unaopitika kwa meli. Mizigo ilibebwa na watu. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 30, na safari ilichukua karibu miezi mitatu ya kutembea. Ukitaka kupeleka tani moja ya bidhaa unahitaji wapagazi zaidi ya thelathini, na hao wanakula kila siku, wanalipwa, wanalindwa na askari, na askari nao wana wapagazi wao wa kuwabebea chakula. Kwa gharama hiyo bidhaa karibu pekee inayolipa ikirudi pwani ni pembe za ndovu. Pamba hailipi. Ngozi hailipi. Kahawa ingekuwepo isingelipa. Kwa hiyo ile nchi tajiri ya kwenye ramani ya Mackinnon ilikuwa nchi ambayo utajiri wake haufiki sokoni.

"Huyo amenunua ng'ombe Moyale na hana lori," mjomba alisema.

Hata hivyo kampuni ilisukumwa mbele. Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard alifika Mengo na kumfanya Kabaka Mwanga atie sahihi mkataba. Mwaka uliofuata pesa zikaisha, na wakurugenzi wakatangaza kwamba wanaondoka Uganda. Mfanyabiashara wa kawaida angeishia hapo: hasara imeonekana, funga duka. Lakini kelele zilipigwa Uingereza. Marafiki wa Jumuiya ya Wamisionari ya Kanisa walichanga maelfu ya pauni ili kampuni ibaki hadi mwisho wa 1892. Serikali ikamtuma Gerald Portal kwenda kutazama, na mwezi wa Aprili 1893 bendera ya kampuni ikashushwa Kampala, ikapandishwa ya Uingereza. Mwaka 1894 Uganda ikatangazwa kuwa himaya. Mwaka 1895 kampuni ikanunuliwa na kufutwa, na nchi kati ya Mombasa na Uganda ikawa Himaya ya Afrika Mashariki.

Kampuni ililipwa pauni 250,000. Serikali ya Uingereza ilitoa 50,000 tu. Zile 200,000 nyingine zilitoka katika fedha za Zanzibar, fedha ambazo Wajerumani walikuwa wamemlipa Sultani kwa ajili ya pwani ya Tanganyika. Yaani Zanzibar iliuza kipande cha pwani yake, na malipo yale yale yakatumika kuinunua kampuni iliyoshindwa ili Waingereza washike kipande kingine. Sijui mnada wowote wa mifugo ambapo dalali angethubutu kufanya hivyo mbele ya watu.

Kisha serikali hiyo hiyo iliyobana senti kwa kampuni ikatumia takriban pauni milioni tano na nusu za walipa kodi kujenga reli hadi ziwani, huku wabunge kama Henry Labouchere wakiipinga kwa maneno makali. Mwanafunzi asimame hapa na ajiulize: mfanyabiashara ameondoka kwa hasara, na mwingine anakuja kulipa mara ishirini zaidi kwa duka lile lile. Huyo wa pili anafuata nini?

Anafuata Misri. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869 na ukaifupisha mno safari ya kwenda Bara Hindi, koloni ambalo Uingereza ililithamini kuliko yote. Mwaka 1875 serikali ya Uingereza ilinunua hisa za mfereji kwa pauni milioni 4. Mwaka 1882 ikaivamia Misri. Misri inaishi kwa maji ya Naili, na Naili Nyeupe inatoka katika Ziwa Viktoria pale Jinja. Lord Salisbury na wenzake waliingiwa na wazo kwamba taifa pinzani likishika vyanzo vya mto lingeweza kuitikisa Misri, na Misri ikitikiswa mfereji haupo salama. Mhandisi anaweza kukwambia kwamba kuyazuia maji ya Ziwa Viktoria kwa vifaa vya 1890 lilikuwa jambo la kufikirika zaidi kuliko kutendeka. Haidhuru. Watawala hutenda kwa yale wanayoyaogopa, yawe ya kweli au la, na mwaka 1890 hofu hiyo iliandikwa katika mkataba: Julai mosi Uingereza iliwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland huko Ulaya, nao wakaiachia Uganda, wakakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Waingereza, na wakaacha madai yao ya Witu, karibu na Lamu.

Hiyo ndiyo sababu ya kisiasa, na tazama ilivyo tofauti na "fahari ya taifa" aliyoiandika kijana. Fahari ilikuwepo, hasa kwa Wafaransa waliopoteza Alsace na Lorraine mikononi mwa Wajerumani mwaka 1871, na kwa Wajerumani wenyewe ambao taifa lao lilikuwa jipya. Lakini fahari haikwambii kwa nini Uganda na si mahali pengine. Ramani ya mto inakwambia.

Wajerumani nao wana kisa kinachofanana. Karl Peters alitembea Usagara na majirani zake mwishoni mwa 1884, akakusanya mikataba ya machifu kwa haraka ya ajabu, na Februari 27, 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, Kaisari akampa hati ya ulinzi. Sultani Barghash alipopinga, manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake mwezi wa Agosti. Kampuni ya Peters haikuiweza nchi. Baada ya vita vya Abushiri pwani, serikali ya Ujerumani ikaichukua yenyewe mwaka 1891. Na mkutano wa Berlin, kwa faida ya wanaouandika kila mahali, haukuchora mpaka hata mmoja wa Kenya. Ulizungumzia biashara ya mito ya Kongo na Naija, na masharti ya kudai pwani mpya. Mipaka yetu ilichorwa baadaye katika mapatano ya wawili wawili.

Mjomba alikuwa amekwisha kufikia hukumu yake. "Basi biashara ilikuwa kisingizio," akasema.

Hapo nikamzuia, maana huo ndio mtego wa pili, na wanafunzi hodari huanguka humo baada ya kuuruka ule wa kwanza. Ukishuka mto Naija hesabu inageuka. Kampuni ya Kifalme ya Naija ya George Goldie, iliyopata hati mwaka 1886, ilikuwa na mafuta ya mawese ya kuuza, na mto wenyewe ndio uliokuwa barabara. Serikali ilipoichukua Januari mosi mwaka 1900 ililipa pauni 865,000. Hapo mfanyabiashara alikuwa na duka linalouza, na siasa ilikuja kumlinda dhidi ya Wafaransa. Kwa hiyo mtahini akiuliza kuhusu "maeneo ya ng'ambo" kwa jumla, jibu zuri halisemi kwamba uchumi ndio ulitangulia au siasa ndiyo iliyotangulia. Linachukua mahali pawili, linaonyesha nani alilipa na lini, na linaacha tofauti ionekane. Hata Suez yenyewe, ukiichunguza, ni njia ya biashara iliyolindwa kwa mizinga. Mwanafunzi anayeitenga kabisa sababu ya kisiasa na ya kiuchumi atajikuta anaandika kitu kile kile mara mbili kwa majina mawili.

Kijana mwenyewe alikuja siku nyingine, na sikumpa hoja mpya hata moja. Nilimpa ramani ya Kenya na rula. Mkataba wa 1886 unasema mpaka wa kaskazini wa eneo la Waingereza uanzie mlango wa mto Tana, ufuate mto hadi pale Ikweta inapokutana na longitudo ya 38 mashariki, kisha uende moja kwa moja hadi latitudo ya 1 kaskazini na longitudo ya 37, na uishie hapo. Nilimwambia auchore.

Nukta ya kwanza inaangukia upande wa hifadhi ya Meru. Ya pili iko Samburu, kati ya Wamba na Maralal. Mstari unapanda digrii moja kwa kila digrii moja unayokwenda magharibi. Isiolo iko longitudo 37 na dakika 35, yaani dakika 25 magharibi ya 38, kwa hiyo mstari unapita latitudo ya dakika 25 juu ya Ikweta. Mji wetu uko dakika 21. Tofauti ni dakika 4, na kila dakika ni karibu kilomita moja na robo tatu au mbili kasoro kidogo. Mstari ulipita kama kilomita 7 kaskazini ya mji, kabla hujafika Archers Post.

Alihesabu tena, akahesabu mara ya tatu. "Mwalimu, waliukata hapa nyumbani?"

Waliukata, na hakuna aliyekuwa amefika kuona panafananaje. Waliokaa London na Berlin hawakujua kama hapo pana mto Ewaso Nyiro, kama pana malisho ya Waborana au ya Wasamburu. Mstari wa namna hiyo ni ushahidi wenyewe. Ungekuwa umefuata biashara, ungefuata njia za misafara au visima. Ulifuata namba, kwa sababu kazi yake ilikuwa kumzuia mpinzani asisogee, na ulikatika ghafla mahali ambapo kwa wakati huo hakukuwa na mpinzani wa kuzuiwa.

Alipotokea, mstari ukaongezwa. Machi 1891 Uingereza na Italia zilikubaliana kwamba Italia isivuke mto Juba kuja upande huu, na kwa wino huo kaskazini yote ikahesabiwa kuwa ya Waingereza. Mwaka huo huo Menelik wa Ethiopia aliwaandikia watawala wa Ulaya kudai mipaka yake. Mwaka 1896 aliwapiga Waitalia pale Adwa, na majeshi yake yenye bunduki za kisasa yakasonga kusini hadi nchi ya Waborana. Sasa Uingereza ilikuwa na reli inayojengwa na nyanda za juu za kulinda, na ikaitaka kaskazini iwe ukuta kati yake na Ethiopia.

Kijana alifurahi mno na jambo hili. Akataka kulimalizia jibu lake kwa mpaka uliotiwa sahihi na Ethiopia mwaka 1907, uliowaacha Waborana huku na huku, na vituo vya serikali vya Marsabit na Moyale vya 1909. Akataka pia kuongeza karantini ya mifugo ya Isiolo, na jinsi wazee hadi leo wakielekea Nairobi husema wanakwenda Kenya. Ni mambo ya kweli, na ni ya hapa kwetu. Nikamwambia aishie Adwa, kwa sababu swali limesema karne ya 19, na mtahini akikutana na 1909 atapitisha kalamu nyekundu.